Kutengeneza stensili ya matabaka manne kutoka kwenye picha ya uso

Kila mara ninapomaliza kazi ya stensili mbele ya watu, huulizwa maswali yale yale matatu: rangi ipi hupulizwa kwanza, picha ya simu hugeuzwa vipi kuwa karatasi za kukata, na kwa nini weupe wa jicho hudondoka pamoja na kipande kilichokatwa. Nimeamua kuyajibu yote kwa maandishi, kwa kufuata kazi moja tangu mwanzo hadi mwisho. Kazi hiyo ni uso wa mzee muuza kahawa wa mtaani kwetu, ambaye aliniruhusu nimpige picha akiwa amevaa kofia nyeupe, nami nikaupuliza uso wake juu ya ubao wa plaiwudi wenye ukubwa unaozidi A3 kidogo. Anza na ubao kama huo kabla ya kwenda ukutani, na ukifika ukutani hakikisha umepata idhini ya mwenye ukuta.

Vitu vinavyohitajika

- Kompyuta yenye programu ya GIMP, ambayo hupatikana bila malipo.
- Karatasi nne za manila za ukubwa wa A3. Ukitaka kuitumia stensili zaidi ya mara kumi, tumia plastiki ngumu inayong'aa, ile inayowekwa juu ya ripoti zinapojalidiwa.
- Kisu cha kukatia karatasi chenye ncha nyembamba, pamoja na wembe za akiba zisizopungua tano.
- Kioo kinene au ubao wa kukatia wa kuweka chini ya karatasi.
- Tepu ya karatasi, ile ya mafundi wa rangi, na gundi ya kupuliza ya aina inayobanduka.
- Makopo ya rangi ya kupuliza isiyong'aa: nyeupe, kijivu hafifu, kijivu kilichokolea na nyeusi, pamoja na rangi yoyote ya kupaka ubao mzima. Mimi nilitumia bluu. Kijivu kikikosekana, praima ya kijivu ya mafundi wa magari inafaa kabisa, nayo ina faida ya kukauka upesi.
- Glavu, na barakoa yenye vichujio vya mvuke wa rangi. Barakoa ya kitambaa au ya vumbi huzuia matone tu, wala haizuii mvuke wa viyeyushi vya rangi.

Rangi zote ziwe za kampuni moja na za aina moja ikiwezekana. Sababu yake utaiona mwishoni, kwenye sehemu ya matatizo.

Jambo moja la kuelewa kabla ya kuanza

Picha ina mamia ya viwango vya mwanga na kivuli, lakini stensili haijui ila tundu na karatasi. Kwa hiyo tunaigawa picha katika toni nne, na kila toni inapata karatasi yake. Karatasi A hubeba umbo zima la mzee na hupulizwa nyeupe. Karatasi B hubeba kila kilicho na kivuli, hata kiwe hafifu. Karatasi C hubeba kilichokolea, na karatasi D hubeba kilicho cheusi kabisa. Rangi hupulizwa kuanzia iliyo hafifu kwenda iliyokolea.

Zingatia kwamba matundu ya C yamo ndani ya eneo la matundu ya B, na ya D yamo ndani ya eneo la C. Wanaoanza wengi hukata kila toni peke yake, kama vipande vya fumbo vinavyopaswa kukutana ukingoni, kisha karatasi ikisogea milimita moja tu, mstari wa rangi ya chini huchungulia kati ya toni mbili. Toni zikilaliana, kosa hilo la milimita moja halionekani kwa mtu yeyote. Kulaliana huko ndiko pia kutakakotuokoa kwenye suala la jicho linalodondoka.

Hatua za kazi

1. Chagua picha yenye mwanga wa upande mmoja. Picha iliyopigwa kwa flashi haifai, kwa sababu flashi hufuta vivuli vya pua, mashavu na macho, na vivuli hivyo ndivyo tutakavyokata. Mzee wangu nilimketisha kando ya mlango uliokuwa wazi saa nne asubuhi, upande mmoja wa uso ukiwa kwenye mwanga na mwingine ukififia taratibu. Uso ujaze sehemu kubwa ya picha. Mtu aliyesimama mbali akiwa mzima, kichwa chake kitatoka na ukubwa wa ndimu, na hakuna kisu kitakachokata jicho lake.

2. Iweke picha katika ukubwa wa kazi. Fungua picha kwenye GIMP, igeuze kuwa ya kijivu kwa `Image > Mode > Grayscale`, kisha uipunguze au uikuze kwa `Image > Scale Image` hadi itoshee pikseli 1754 kwa 2480, ambazo kwa msongamano wa pikseli 150 kwa inchi ni sawa na karatasi ya A3. Kwa kipimo hicho, milimita moja ya karatasi ni karibu pikseli 6. Ihifadhi namba hiyo kichwani, kwa kuwa tutaihitaji mara kwa mara.

3. Ondoa mandhari ya nyuma. Zungushia kichwa, kofia na mabega kwa `Free Select`, geuza uteuzi kwa `Select > Invert`, na ujaze nyuma yote rangi nyeupe. Kisha tengeneza nakala ya tabaka hilo, geuza tena uteuzi, na kwenye nakala hiyo ujaze umbo zima la mzee rangi nyeusi, halafu uondoe uteuzi wote. Hiyo ndiyo karatasi A. Wengi huiruka karatasi hii na kupuliza moja kwa moja juu ya ubao mweupe, na kwa nyuso nyingine hilo halina madhara. Kwa mzee mwenye kofia nyeupe lina madhara makubwa, kwani kofia ingeyeyuka kwenye ubao mweupe na kichwa kingeishia kwenye paji la uso.

4. Lainisha, kisha gawanya toni. Tabaka la picha lipitishie `Filters > Blur > Gaussian Blur` kwa kiasi cha pikseli 5. Ukungu huo mdogo huondoa vinyweleo na chembechembe ambazo zingegeuka kuwa mamia ya vitundu visivyokatika. Baada ya hapo tengeneza nakala tatu za tabaka hilo, na kwa kila moja fungua `Colors > Threshold`. Chombo hiki hukigeuza kila kilicho chini ya namba unayochagua kuwa cheusi, na kila kilicho juu yake kuwa cheupe, ambapo 0 ni weusi kamili na 255 ni weupe kamili. Cheusi ndicho kitakachokatwa.

Hapa sharti tukae kidogo, maana ndipo kazi nyingi zinapoharibikia. Namba zinazozunguka kwenye miongozo mingi, mathalani 190, 130 na 70, zilipatikana kwa nyuso nyeupe. Nilipozijaribu kwa mzee wangu, ambaye ana ngozi nyeusi, karatasi B ilimeza uso wote, C ikaumeza karibu wote, na D ikaacha pua na mashavu bila tofauti yoyote. Kosa halikuwa la picha. Toni za uso wake zilikuwa zimekusanyika sehemu ya chini ya kipimo, na namba zangu zilikuwa zikigawanya sehemu ya juu, ambako hakukuwa na kitu isipokuwa kofia. Niliteremsha hadi 150 kwa B, 90 kwa C na 45 kwa D, na papo hapo mifupa ya mashavu ikajitokeza.

Namba hizo ni za picha yangu. Kwa picha yako, uongozwe na eneo la uso: B ifunike takriban robo tatu ya uso, C ifunike karibu nusu, na D isizidi sehemu moja ya tano, yaani nyusi, kope, matundu ya pua, mstari wa midomo na kivuli cha shingo. Sogeza kitelezi polepole huku ukilitazama jicho. Pale jicho linapoanza kusomeka kama jicho hata ukirudi nyuma hatua tatu kutoka kwenye skrini, simama.

5. Safisha kila tabaka. Kuza picha na uitembelee yote. Tundu jeusi lenye upana usiofika milimita 3, yaani pikseli 18 hivi, aidha lifute au uliunganishe na jirani yake. Kadhalika mstari mweupe mwembamba kuliko hapo unaotenganisha matundu mawili utachanika unapokata, kwa hiyo unenepeshe au uuondoe. Tumia `Pencil` badala ya brashi, kwa kuwa brashi huacha kingo za kijivu ambazo huwezi kuamua zikatwe au zibaki. Ndevu za mzee zilinichukua muda mrefu kuliko sehemu nyingine zote, na mwishowe nilizigeuza kuwa mafungu saba makubwa badala ya nywele.

6. Tafuta visiwa na ujenge madaraja. Kisiwa ni eneo jeupe lililozungukwa na weusi pande zote. Ukikata weusi huo, kisiwa hakina cha kukishikilia, nacho hudondoka. Ndilo lile jicho mnaloniuliza. Dawa yake ni daraja, yaani ukanda wa karatasi usiokatwa unaokiunganisha kisiwa na karatasi kuu, wenye upana wa milimita 5 au pikseli 30.

Kuvipata visiwa vyote kwa macho ni vigumu, lakini kuna njia ya uhakika. Chukua `Bucket Fill` yenye rangi ya kijivu na uimwage kwenye weupe wa nje ya kichwa. Kijivu kitatambaa hadi kila mahali palipoungana na karatasi kuu, na kila eneo litakalosalia jeupe ni kisiwa. Yaandike maeneo hayo pembeni, kisha ufute kijivu kwa `Ctrl+Z`.

Sasa daraja lipite wapi? Anayeanza hulipitisha njia fupi kuliko zote, na matokeo yake ni makovu meupe usoni mwa mtu, ambayo ndiyo alama ya stensili ya kiwanafunzi popote uionapo. Kanuni ninayoifuata ni kwamba daraja la tabaka moja lipite pale ambapo tabaka linalofuata litalifunika. Weka C juu ya B, punguza `Opacity` ya C hadi 50, na utaona wazi ni sehemu zipi za B zitakazolalwa na rangi iliyokolea. Madaraja ya B yachore ndani ya sehemu hizo tu, na madaraja ya C uyachore ndani ya weusi wa D.

Kwa mzee wetu, B ilikuwa na visiwa vinne. Mng'ao wa paji la uso niliuunganisha na kofia kwa kupita kwenye kivuli kilicho chini ya ukingo wa kofia, mahali ambapo C na D zote zinafunika. Mng'ao wa pua niliupandisha hadi kwenye paji kupitia makunyanzi yaliyo kati ya nyusi. Shavu liliungana na pua kupitia mkunjo unaoshuka kutoka puani kwenda mdomoni. Kisiwa cha nne kilikuwa weupe wa jicho lenye mwanga, nao ulikuwa mdogo mno kubebwa na daraja lolote, hivyo niliuacha ukatwe na kuurudisha mwishoni kwa nukta ya brashi. Baada ya kazi kukamilika, hakuna hata daraja moja la B lililoonekana.

Karatasi D haina tabaka la kuifunikia. Bahati nzuri matundu yake huwa madogo na yaliyotengana, na visiwa vyake ni vichache. Kikitokea kisiwa, lipitishe daraja mahali ambapo uso wenyewe una mstari, kama vile mkunjo wa kope au pembe ya mdomo.

7. Weka alama za kulinganishia na uchapishe. Chora pembetatu tatu ndogo kwenye pembe tatu za picha, milimita 15 kutoka ukingoni, zikiwa mahali pale pale katika matabaka yote manne. Tatu zinatosha, kwa kuwa pembe ya nne isiyo na alama inakuonyesha kama karatasi imegeuzwa. Andika pia A, B, C au D na neno "juu" kwenye kila moja. Dukani mwombe mchapishaji asitumie chaguo la kutoshelezea ukurasa. Karatasi zote zichapishwe kwa `Actual size`, kwani karatasi moja ikipunguzwa kwa asilimia tatu tu, tofauti yake upande wa pili wa A3 inazidi sentimita moja.

8. Kata. Anza na matundu madogo ya katikati, yaani macho na pua, kisha uyaendee makubwa, kwa sababu karatasi iliyokwisha kutolewa vipande vikubwa hulegea na kuyumba. Kwenye mikunjo, zungusha karatasi huku mkono wenye kisu ukibaki mahali pamoja, na vidole vya mkono wa pili visikae mbele ya njia ya wembe. Ukiona nyuzi za manila zinachanika badala ya kukatika, badilisha wembe bila kuuonea huruma. Daraja likikatika kwa bahati mbaya, liunge kwa tepu pande zote mbili na ukate upya ukingo.

Manila hunywa rangi na kujikunja, kwa hiyo pulizia kila karatasi iliyokatwa rangi nyepesi mbele na nyuma, uiache ikauke siku moja chini ya vitabu vizito.

9. Puliza. Fanya kazi hii nje au mahali penye hewa nyingi, mbali na moto wa aina yoyote. Sisi wa pwani tunafanya vyema kuimaliza asubuhi kabla upepo wa bahari haujaamka. Usiyaache makopo juani wala ndani ya gari lililofungwa, maana yameandikwa yasipate joto linalozidi nyuzi 50.

Ubao uliopakwa bluu uwe umekauka kabisa. Bandika vipande vya tepu pale pembetatu tatu zitakapoangukia, laza karatasi A iliyopulizwa gundi kidogo upande wa nyuma, na ubonyeze kingo zote za matundu kwa kidole. Tikisa kopo kwa dakika mbili baada ya kusikia kigololi kikigonga, jaribu kwenye karatasi ya takataka, kisha puliza ukiwa umbali wa sentimita 20 hadi 25, kopo likielekezwa wima kwenye ubao. Kila mpito wa mkono uanzie nje ya tundu na uishie nje. Pita mara mbili au tatu kwa rangi nyembamba, badala ya mara moja kwa rangi nzito.

Iinue karatasi moja kwa moja kwenda juu, usiiburute. Pembetatu tatu nyeupe zitakuwa zimebaki juu ya tepu. Subiri hadi rangi isishike kidole, dakika 15 kwa kawaida na zaidi siku ya unyevu, kisha ulaze B kwa kuzilinganisha pembetatu zake na zile za kwenye tepu. Puliza kijivu hafifu. Fuata na C kwa kijivu kilichokolea, na mwisho D kwa nyeusi. Ukimaliza, bandua vipande vya tepu, na alama zote zitaondoka navyo. Weupe wa jicho uguse kwa ncha ya brashi nyembamba, nukta moja, ukubwa wa punje ya mtama.

Matatizo na namna ya kuyatambua

*Kingo zina ukungu.* Karatasi haikugusa ubao. Ukungu ukiwa upande mmoja tu wa kila tundu, basi ulipuliza kwa mshazari na rangi ikaingia chini ya karatasi. Mahali padogo panapokataa kulala, pawekee sarafu au nati juu yake wakati wa kupuliza.

*Rangi imevuja na kuacha michirizi chini ya stensili.* Umepuliza nzito au karibu mno. Usiipanguse ikiwa mbichi. Iache ikauke, halafu urudishe rangi ya tabaka la chini kwa brashi.

*Matabaka yamepishana.* Kama yamepishana kwa kiasi kile kile kila mahali, ulikosea kulaza. Kama upande wa juu yamelingana lakini upande wa chini yameachana, tatizo ni la uchapishaji au manila iliyojikunja kwa unyevu. Pima umbali kati ya pembetatu mbili kwenye kila karatasi na utampata mkosaji.

*Uso hausomeki.* Sogea mita tatu kabla hujakata tamaa, kwa kuwa stensili haikusudiwi kutazamwa kwa karibu. Ukiwa mbali na bado hausomeki, mara nyingi ni D iliyojaa mno kuzunguka macho. Rudi kwenye faili, pandisha weupe wa eneo hilo peke yake, na ukate upya D tu. A, B na C bado ni nzima.

*Rangi imekunjamana kama ngozi ya maziwa.* Kiyeyushi cha rangi ya juu kimeila ya chini, jambo linalotokea unapochanganya aina mbili za rangi au unapopuliza juu ya rangi iliyokauka nusu. Hapa hakuna marekebisho ya haraka. Subiri siku mbili, piga msasa laini sehemu iliyoharibika, na urudie matabaka ya hapo kuanzia A. Stensili zako zikiwa bado zina alama zake tatu, zitarudi mahali pake, mradi ulipima na kuandika umbali wa kila pembetatu kutoka ukingo wa ubao kabla ya kubandua tepu.